Wanafunzi 164 katika kidato chenye watoto 160

Kijana mmoja anayefundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Unguja alinijia nyumbani baada ya sala ya alasiri, mkononi ana karatasi tatu zilizokunjwa katikati. Nilimfundisha mwenyewe zamani, na mpaka leo ananiita Maalim. Alizitandaza mezani akasema, "Maalim, kidato chetu cha tatu kina wanafunzi 160. Nikihesabu wanaojua angalau lugha moja ya kigeni, napata 164. Nimerudia mara nne, jibu halibadiliki."

Shule yao ilikuwa inapanga masomo ya Jumamosi kwa watoto wasioweza kujieleza kwa Kiingereza, wala Kiarabu, wala Kifaransa. Wengi wao wakimaliza shule hutafuta kazi hotelini au ya kutembeza wageni, na anayebaki na Kiswahili peke yake huachwa nyuma. Walimu wa lugha walimwita kila mwanafunzi, wakazungumza naye dakika tano kwa kila lugha, na aliyeweza kuendesha mazungumzo akaandikwa. Kazi ya kijana wangu ilikuwa kujumlisha tu. Tarakimu ninazozitoa hapa nimezibadilisha ili shule isitambulike, lakini kosa nimeliacha vilevile lilivyokuwa.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na orodha tatu: Kiingereza 92, Kiarabu 71, Kifaransa 38. Karatasi ya pili ilihusu wenye lugha mbili: Kiingereza na Kiarabu 29, Kiingereza na Kifaransa 14, Kiarabu na Kifaransa 5. Ya tatu ilikuwa na mstari mmoja: lugha zote tatu, 11.

Kanuni aliijua vizuri. Ni ile tunayoiita kanuni ya kujumuisha na kuondoa, na kwa seti tatu huandikwa hivi, I ikiwa ni wenye Kiingereza, R wenye Kiarabu na F wenye Kifaransa:

n(I ∪ R ∪ F) = n(I) + n(R) + n(F) − n(I ∩ R) − n(I ∩ F) − n(R ∩ F) + n(I ∩ R ∩ F)

Alijumlisha orodha tatu akapata 201. Akatoa jumla ya karatasi ya pili, 48, zikabaki 153. Akarudisha wale 11, akafika 164. Mwenzake wa ofisi ya walimu alikuwa amempa ushauri: hao 11 wameshahesabiwa, ya nini kuwaongeza tena? Waache nje, ubaki na 153, useme watoto 7 hawana lugha hata moja. Nambari 7 inakubalika machoni, haimshtui mtu, na Mwalimu Mkuu angeipokea bila swali. Kijana alikataa kwa sababu kanuni inasema "jumlisha", naye hakuwa tayari kuikata mkia kanuni ili tu jibu lipendeze. Kwa hilo nilimpongeza. Jibu la 164 ni kosa linalojitangaza lenyewe. Jibu la 153 ni kosa lilelile, ila limefunikwa.

Nilimwomba aache fomula kwanza, achague mtoto mmoja tu tumfuate. Alimchagua msichana wa nambari 47 katika rejista, ambaye alikuwa anajua lugha zote tatu. Nilimpa kalamu nyekundu. Kwenye karatasi ya kwanza tulimkuta mara tatu: orodha ya Kiingereza yumo, ya Kiarabu yumo, ya Kifaransa yumo. Tukaweka alama tatu nyekundu. Tukaenda karatasi ya pili, tukapitisha kidole mistari yote mitatu, hayumo popote. Karatasi ya tatu yumo, alama moja. Sasa hesabu yake inajieleza: amejumlishwa mara tatu, hakuondolewa hata mara moja, kisha akaongezwa mara moja tena. Msichana mmoja amekuwa wanne.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe karatasi ya pili niliandika wenye lugha mbili tu."

Ndilo kosa lenyewe. Kanuni inapodai n(I ∩ R), inamtaka kila anayejua Kiingereza na Kiarabu, awe na Kifaransa au asiwe nacho. Msichana wa nambari 47 anajua Kiingereza na Kiarabu, kwa hiyo anastahili kuwa kwenye mstari huo. Anajua Kiingereza na Kifaransa pia, na Kiarabu na Kifaransa pia, kwa hiyo anastahili kuwa kwenye mistari yote mitatu. Akiwekwa inavyotakiwa, hesabu yake inakaa sawa: mara tatu kwenye orodha za lugha mojamoja, akaondolewa mara tatu kwenye mistari ya lugha mbilimbili, akabaki sifuri. Ni kama hayupo shuleni. Ndiyo maana alama ya mwisho ya kanuni ni jumlisha: inamrudisha mara moja, na mara moja ndiyo haki yake. Mwenye lugha mbili amejumlishwa mara mbili na kuondolewa mara moja, amebaki mmoja. Mwenye lugha moja hakuguswa na kuondolewa kokote. Asiye na lugha hata moja hakuingia wala hakutoka.

Maana yote ya kanuni imo humo. Abraham de Moivre alihesabu kwa njia hii katika kitabu chake cha bahati nasibu cha mwaka 1718, na Mreno Daniel da Silva aliiandika kwa upana mwaka 1854, lakini mwanafunzi hahitaji kulijua jina hata moja kati ya hayo ili aielewe. Anahitaji kumfuata mtoto mmoja kwa kalamu nyekundu na kuhakikisha kwamba mwishoni amehesabiwa mara moja, si zaidi, si pungufu.

Tukairekebisha karatasi ya pili. Wale 11 waliongezwa kwenye kila mstari: Kiingereza na Kiarabu wakawa 40, Kiingereza na Kifaransa 25, Kiarabu na Kifaransa 16, jumla 81. Kutoka 201 ukitoa 81 unabaki na 120, ukirudisha 11 unapata 131. Watoto 29 hawana lugha hata moja kati ya zile tatu. Tazama sasa tofauti: kutoka 131 mpaka 164 ni 33, yaani wale 11 kila mmoja amehesabiwa mara tatu zaidi ya haki yake. Na kutoka 131 mpaka 153 ya mwenzake ni 22, yaani mara mbili zaidi. Angemsikiliza mwenzake, watoto 22 wangekosa masomo ya Jumamosi, na hakuna ambaye angejua.

Anayetaka kuiacha karatasi ya pili kama ilivyokuwa anaweza, mradi abadilishe kanuni. Kama mistari inahusu wenye lugha mbili tu, basi mwenye lugha tatu amejumlishwa mara tatu na bado hajaguswa, kwa hiyo mtoe mara mbili: 201 toa 48, toa 22, unapata 131 ileile. Njia zote mbili ni sahihi. Kinachoharibu ni kuchukua tarakimu za njia moja na alama za njia nyingine.

Hapo kijana aliuliza swali zuri. Je, mtu akikosea kwa upande wa pili, yaani akawa na mistari ya 40, 25 na 16, akadhani ni ya lugha mbili tu, jibu litajitangaza vilevile? Tulijaribu. Kutoka 201 tukatoa 81, tukatoa 22, tukapata 98. Wenye lugha ni 98, wasio nayo ni 62. Halizidi 160, si hasi, halina dosari ya kuonekana. Kila mwenye lugha tatu amejumlishwa mara tatu na kuondolewa mara tano, kwa hiyo wamepotea watoto 33, na jumla haisemi kitu.

Ndiyo maana siikubali jumla peke yake hata siku moja. Ninataka mchoro, ule wa duara tatu zinazopandana ambao Mwingereza John Venn aliuchapisha mwaka 1880. Duara tatu zikipandana sawasawa zinatoa vyumba saba ndani, na nje yake kuna nafasi ya nane kwa wasiomo. Kujaza huanzia katikati na kwenda nje, kwa sababu chumba cha katikati ndicho pekee ambacho nambari yake inaingia bila kutoa kitu. Tukaandika 11 katikati. Chumba cha Kiingereza na Kiarabu bila Kifaransa ni 40 toa 11, yaani 29. Cha Kiingereza na Kifaransa bila Kiarabu ni 14. Cha Kiarabu na Kifaransa bila Kiingereza ni 5. Kisha tukatoka ukingoni: duara la Kiingereza lina 92, tumeshatumia 29, 14 na 11, wamebaki 38 wenye Kiingereza peke yake. Kiarabu peke yake 26. Kifaransa peke yake 8. Jumlisha vyumba saba, unapata 131, na nje 29.

Sasa jaza mchoro huohuo kwa kosa la pili, ukiweka 40, 25 na 16 moja kwa moja katika vyumba vya lugha mbili tu. Kiingereza peke yake kinabaki na 16, Kiarabu peke yake na 4. Ukifika kwenye Kifaransa, 38 toa 25, toa 16, toa 11, unapata hasi 14. Hakuna kidato chenye watoto hasi 14. Kosa ambalo jumla ililificha limefichuliwa na chumba kimoja kidogo, na si bahati kwamba ni cha Kifaransa: duara dogo kuliko yote ndilo linalojaa kwanza likibebeshwa mzigo usio wake. Ukiwa na haraka na huwezi kukagua vyumba vyote, kagua duara dogo.

Chanzo cha kosa hili, kwa maoni yangu, ni neno "na". Ukimuuliza mwalimu "ni wangapi wanajua Kiingereza na Kiarabu?", Kiswahili hakimwambii kama wenye Kifaransa pia wamo. Mmoja atawahesabu, mwingine atawaacha, na wote wawili wamejibu kwa Kiswahili fasaha. Kijana alikuwa ameandaa karatasi ya kwanza kwa maana moja na ya pili kwa maana nyingine, bila kujua kwamba amebadili. Kwenye orodha za lugha mojamoja alimwandika mtoto kila lugha anayoijua. Kwenye mistari ya lugha mbili alimpa kila mtoto mahali pamoja tu, kama anayewapangia vitanda bwenini. Neno "tu", au "angalau", lingemaliza jambo kabla halijaanza. Katika mitihani nimeliona kosa hili upande wa watunga maswali pia: mtunzi anaandika "wanaozungumza Kifaransa na Kiarabu", hajui mwenyewe anamaanisha lipi, na mtahiniwa anaadhibiwa kwa kuchagua maana ambayo mtunzi hakuifikiria.

Liko jambo jingine ambalo fomula hailioni kabisa. Huku kwetu mtoto anaweza kuusoma Msahafu kwa ufasaha tangu ana miaka minane, na asiweze kumwagizia mgeni Mwarabu chakula. Je, yumo kwenye seti ya Kiarabu? Ukiuliza "unajua Kiarabu?" atajibu ndiyo kwa moyo safi, na mama yake atasema ndiyo. Walimu wa shule ile walikuwa na kipimo chao, mazungumzo ya dakika tano, na kwa kipimo hicho mtoto huyo hayumo. Kingekuwa ni kipimo cha kusoma, angekuwemo. Vyote viwili ni vipimo halali. Ila kipimo kikishachaguliwa lazima kiwe kimoja kwenye orodha zote. Kama mwalimu wa Kiarabu anahesabu wasomaji kwenye orodha ya 71, na mwenzake anahesabu wazungumzaji kwenye mstari wa 40, basi hizo ni seti mbili tofauti zenye jina moja, na kuzitoa na kuzijumlisha ni kazi bure. Dalili yake ni ngumu kuiona, kwa sababu mara nyingi hakuna hasi inayotokea. Kinachoonekana ni kwamba "Kiarabu peke yake" kimevimba kupita kawaida. Ukiona chumba kimevimba, rudi umuulize aliyekusanya: ulimpimaje mtoto?

Kwa upande huohuo, watu huniuliza kwa nini Kiswahili hakimo kati ya zile lugha tatu. Hakimo kwa sababu wote 160 wanakijua. Seti inayowameza wote haihesabu chochote: ukiiweka, jumla ya muungano ni 160 na wasio na lugha ni sifuri, hata kabla hujauliza mtu. Duara lenye maana ni lile linaloacha mtu nje.

Kabla hajaondoka nilimpa zoezi moja, kwa sababu hali hii hukutwa sana kwenye ripoti zilizochapishwa. Tuseme karatasi ya tatu imepotea. Unazo 92, 71 na 38, unazo 40, 25 na 16 zilizohesabiwa sawasawa, lakini hujui wangapi wana lugha zote tatu. Je, umekwama? Hukukwama. Waite hao wasiojulikana x. Hawawezi kuzidi 16, kwa sababu kila mmoja wao yumo kwenye mstari wa Kiarabu na Kifaransa, ulio mfupi kuliko yote. Kisha nenda kwenye duara dogo: wenye Kifaransa peke yake ni 38 toa 25 toa 16 jumlisha x, yaani x toa 3. Chumba hakiwezi kuwa na watu hasi, kwa hiyo x haiwezi kupungua chini ya 3. Bila kumuuliza mtoto hata mmoja, umejua kwamba angalau watatu wanajua lugha zote tatu, na kwamba hawazidi 16. Wenye angalau lugha moja ni 120 jumlisha x, kwa hiyo ni kati ya 123 na 136, na wasio nayo ni kati ya 24 na 37. Ile 7 ya mwenzake haimo humo hata kwa mbali. Ripoti yenye pengo bado inaweza kumkana mtu anayesema uongo kwa jina lake.

Lakini ukibaki na orodha za lugha mojamoja tu, 92, 71 na 38, hapo kweli umeishiwa: wenye angalau lugha moja wanaweza kuwa 92, Kiarabu na Kifaransa vikiwa ndani ya Kiingereza, au wote 160. Habari nzito iko kwenye mistari ya lugha mbilimbili, ndiyo maana ni afadhali uipoteze karatasi ya tatu kuliko ya pili.

Na kama una majina yenyewe, usiandae karatasi ya pili wala ya tatu. Weka mstari mmoja kwa kila mtoto, safu tatu, 1 kama anajua na 0 kama hajui. Mtoto anaangukia kwenye mojawapo ya namna nane, kuanzia 111 mpaka 000, na namna hizo nane ndizo vyumba saba na nafasi ya nje. Kijana alikuwa na Excel kwenye kompyuta ya shule, nikamwandikia mistari miwili, Kiingereza kikiwa safu B, Kiarabu C na Kifaransa D:

```
=COUNTIFS(B2:B161,1,C2:C161,1)
=COUNTIFS(B2:B161,1,C2:C161,1,D2:D161,0)
```

Mstari wa kwanza unamhesabu kila mwenye Kiingereza na Kiarabu, na utaleta 40. Wa pili unamtaka asiwe na Kifaransa, na utaleta 29. Kompyuta haimruhusu mtu kuacha jambo hilo likining'inia: ama umeiandika D, ama hukuiandika. Natamani hojaji zetu za karatasi nazo ziwe kali hivyo. Fomula haikosi kazi hapo, kwa sababu ukishapata vyumba nane unaitumia kukagua, na siku utakapoletewa muhtasari usio na majina ndiyo pekee utakayokuwa nayo.

Aliniletea habari baada ya siku nne. Alikaa na rejista na walimu wa lugha, wakampitia kila mtoto upya kwa safu tatu, na 000 zikatoka 29. Majina 29 yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na masomo yakaanza Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi.